Si angengoja asubuhi?

"Mwalimu, ninaandika riwaya fupi ya kijana anayebeba mizigo kwa chukudu, ile skuta yetu ya mbao, hapa Goma. Anaitwa Bahati. Mwishoni, Jumatatu ile baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021, anateremka na viazi kutoka Kibumba, anakuta lava imekata barabara. Watu wanamwambia arudi. Anavuka, anakufa. Wote watatu niliowapa wasome wameniuliza: 'Huyu ana wazimu?' Nimeongeza sura nzima anayokumbuka alivyopotezana na baba yake mwaka 2002, palepale kabla ya kuvuka. Bado hawaelewi. Mwisho siubadilishi. Niongeze nini tena?"

Usiongeze kitu kwanza, ndugu yangu. Hiyo sura ya mwaka 2002 itoe uiweke kando, tutairudia. Nimesoma kurasa zote ulizotuma, mara mbili, na nadhani nimeona ugonjwa ulipo. Hauko kwenye kilele. Wasomaji wanalalamikia mwisho kwa sababu ndipo maumivu yanaposikika, lakini kilichokosekana kiko katikati ya kitabu, kurasa thelathini au arobaini kabla Bahati hajaona moshi wowote.

Kosa hili nalijua kwa sababu nililifanya mbele za watu. Miaka mingi iliyopita hapa Bukavu niliandika mchezo wa kuigiza wa mvuvi wa sambaza. Kwenye kilele ziwa linachafuka, wenzake wanavuta mitumbwi ufukweni, yeye anawasha taa yake na kuingia majini. Nilimwandikia maneno marefu ya kuaga, na mwigizaji aliyasema vizuri sana, sauti ikitetemeka. Alipofika katikati, mama mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea na jirani yake sokoni: "Si angengoja asubuhi?" Ukumbi mzima ulicheka. Mvuvi wangu alizama katikati ya kicheko. Nilimkasirikia mama yule wiki nzima, halafu nikakubali kwamba alisema kweli. Sambaza huvuliwa usiku, sawa, lakini kesho nayo ina usiku wake. Sikuwa nimeweka popote sababu ya kumfanya mtu huyu aingie majini usiku huu.

Wasomaji wako watatu wamekuuliza swali lilelile. Na angalia kinachotokea wasipopata jibu: hawabaki na fumbo, wanalijaza wenyewe kwa kilicho karibu, na kilicho karibu ni methali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umeandika riwaya, wao wamesoma onyo kwa vijana wakaidi. Bahati anageuka kuwa mtoto aliyeonywa asicheze barabarani.

Sasa hiyo sura ya kumbukumbu. Umetumia mbinu rejeshi kama waandishi wengi tunavyofanya tukibanwa: mhusika anataka kufanya jambo zito, tunasimamisha hadithi, tunachimba utotoni mwake, tunaleta jeraha. Jeraha lenyewe umeliandika vizuri. Mtoto wa miaka minne katika ule msururu wa kwenda Gisenyi, Januari 2002, baba anamkabidhi kwa jirani, anasema "narudi", harudi. Lakini limefika wakati mbaya. Maelezo yanayokuja baada ya tendo kuanza yanafanana na karatasi ya daktari ambayo mwanafunzi anaileta akiwa tayari amefeli mtihani. Inaweza kuwa ya kweli, lakini mwalimu ameshainua nyusi.

Halafu kuna tatizo la pili, na hili linawahusu zaidi wasomaji wa Goma. Kumbukumbu ile inaeleza kitu ambacho Bahati alitendewa. Haielezi Bahati hutenda nini. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Watu wangapi waliokuwa watoto siku ile wana hadithi ya mzazi aliyesema "narudi"? Wengi wao walikuwa hai mwaka 2021, walisikia ile lava mpya imefika Buhene, na hawakwenda kuivuka wakiwa na mizigo mgongoni. Jeraha ambalo nusu ya mji inalo haliwezi kueleza tendo la mtu mmoja. Linaweza kulipa tendo hilo kivuli, basi.

Kinachoeleza tendo ni mizani ya mtu. Bahati wako hachagui kifo, na nadhani hata wewe hukuwaza hivyo. Anachagua viazi vifike. Kifo kiko ndani ya bei, na yeye bei hiyo ama haioni vizuri, ama anaiona na bado anaona ni nafuu kuliko bei ya kuviacha. Sisi tulio nje tunaona mzani umepinda: gunia la viazi upande mmoja, maisha upande mwingine. Kazi yako ni kutufanya tuusome mzani kwa jicho lake kabla hatujafika Kibumba, ili siku ile tunapomwona anapima, tujue tayari jibu litakalotoka, na tutamani tuwe tumekosea.

Mzani huo haujengwi kwa kuutaja. Unajengwa kwa kumwona mtu akiutumia kwenye mambo madogo. Na hapa nina habari njema: ule wa kwanza umeshauandika, ila hukujua umeandika nini.

Rudi sura ya pili. Bahati anateremka kutoka Kibumba jioni, goti moja juu ya kile kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari kwenye ubao, magunia manne nyuma na mbele. Karibu na Kanyaruchinya gurudumu la mbele linapasuka. Wenzake wanamwambia aweke mzigo kwa watu, aje asubuhi. Yeye anabeba gunia moja mgongoni mpaka kwenye nyumba yenye taa, anarudi, anabeba la pili, mpaka yote manne yamefika. Halafu anakaa usiku kucha akilifunga gurudumu kwa ukanda wa tairi. Saa kumi alfajiri yuko soko la Virunga. Mama Sifa, mwenye viazi, ambaye tangu mwanzo alikuwa akimwita "wewe wa chukudu", anahesabu magunia, anasema: "Manne. Asante, mwanangu."

Umeiandika kama sura ya kuonyesha ugumu wa kazi. Ni zaidi ya hapo. Ndani yake mna sheria ya Bahati (mzigo ukishafungwa kamba ni wangu mpaka ufike), mna malipo ya sheria hiyo (neno "mwanangu", kwa kijana asiye na mama wala baba), na mna namna anavyoitekeleza kwa mwili: gunia moja moja, kwenda na kurudi. Msomaji anaipenda sura hii. Anampenda Bahati kwa sababu yake. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kitakachomuua sharti kiwe kilekile tulichompendea. Ukimpa kasoro ya pembeni, tuseme ulevi au hasira, halafu kasoro hiyo ndiyo imuue, tutamhurumia kidogo na kusahau. Aristotle alipozungumza juu ya kosa linalomwangusha shujaa alitumia neno hamartia, ambalo kwa Kigiriki lilisemwa pia juu ya kulenga na kukosa shabaha. Napenda picha hiyo: mkono ni uleule, upinde ni uleule, ila safari hii mshale umepita pembeni.

Kwa hiyo mbegu ya kwanza unayo. Mbili hazipo.

Ya pili ni pale sheria ileile inapofanya kazi tena lakini inaanza kudai kitu kikubwa zaidi ya usingizi. Una kile kizuizi cha barabarani kwenye sura ya nne, ambapo Bahati anapita tu huku akilalamika juu ya ushuru. Kitumie. Mtu mwenye fimbo anataka gunia moja. Vijana wote wa chukudu wanajua cha kufanya: unatoa viazi kadhaa, unachekacheka, unapita. Bahati anakataa, anapigwa, jino linatoka, mzigo unafika mzima. Jioni dada yake Furaha anamwosha mdomo kwa maji ya chumvi, anauliza: "Kwa ajili ya viazi?" Naye anacheka, anasema, "Kwani vilikuwa vyangu?"

Swali la Furaha ni la lazima. Ni swali la yule mama wa mstari wa mbele. Ukimpa mtu ndani ya hadithi aulize mapema, msomaji anatulia: anajua mwandishi naye ameona. Na jibu la Bahati halieleweki kirahisi, ndiyo maana linafaa. Mtu mwingine angesema viazi si vyangu, basi sina haja ya kuvifia. Yeye anasema si vyangu, ndiyo maana siwezi kuvitoa. Msomaji atalibeba jibu hilo sura nzima akiligeuzageuza.

Mbegu ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo waandishi wengi hatuiandiki kabisa. Ni siku ambayo Bahati alijaribu kuwa na busara.

Fikiri hivi. Mpaka hapo tumemwona akishika sheria yake mara mbili. Msomaji mwenye akili atasema: sawa, ni mkaidi, lakini watu hubadilika, akifika kwenye lava ataona tofauti ya viazi na roho. Msomaji huyo anakuachia mlango mmoja, nao ndio unaokibomoa kilele chako. Ukiufunga kwa nje, yaani ukiondoa kila njia ya kutokea, moto nyuma na askari pembeni, umeua uchaguzi wenyewe, na kinachobaki ni ajali. Mlango inabidi ubaki wazi barabarani, watu wauone, wamwonyeshe. Ni ndani ya Bahati unapotakiwa uwe umeshafungwa, na kitu pekee kinachoufunga ndani ya mtu ni kwamba aliwahi kuupitia, akaumia.

Kwa hiyo mahali fulani sura ya sita, mtoto wa Furaha anaumwa homa, Bahati anapigiwa simu akiwa njiani na mzigo. Kwa mara ya kwanza Bahati anafanya kile ambacho kila mtu amekuwa akimwambia. Anaacha chukudu na magunia manne kwa rafiki yake, anapanda pikipiki, anakimbia hospitali. Mtoto anapona. Usimuue mtoto, tafadhali. Ukimuua umefungua hadithi nyingine. Bahati anarudi usiku anakuta magunia mawili. Rafiki anaapa kwamba alisinzia kidogo tu.

Sasa yule Mama Sifa. Ukimfanya mkatili, umemwondolea Bahati mzigo, kwa sababu tutasema ni mwathirika wa tajiri mbaya. Mama Sifa ana watoto, ana deni la viazi kwa watu wa Kibumba. Hapigi kelele. Anatoa daftari, anaandika mbili, anachora mstari chini yake. Anasema, "Utalipa kidogokidogo, wewe wa chukudu." Basi. Neno moja limerudi mahali pake pa zamani, na hakuna hata mtu mmoja kwenye sura hiyo anayepaswa kulizungumzia. Bahati asiwaze kwamba amepoteza mama mara ya pili. Aulize tu deni linalipwa kila wiki au kila mwezi.

Unaona kilichotokea? Amejifunza, lakini amejifunza somo lisilo lake. Angeweza kujifunza kwamba rafiki yule si wa kuaminika. Angeweza kujifunza kwamba mtoto alipona, na mtoto ni zaidi ya magunia mawili. Badala yake amejifunza kwamba siku pekee aliyoacha mzigo njiani ndiyo siku aliyopoteza jina. Mtu akishafika hapo, shauri zuri linamfikia kama kishawishi. Watu wakisimama kando ya lava wakipiga kelele "acha mzigo, rudi", masikioni mwake ni sauti ya ile siku ya hospitali.

Baada ya sura hiyo weka nafasi. Sura moja au mbili za maisha ya kawaida, anapunguza deni, anatania na wenzake, Jumamosi tarehe 22 Mei jioni mbingu inakuwa nyekundu. Ukibandika sura ya daftari palepale kabla ya lava, msomaji ataona mkono wako. Mbegu inahitaji kusahauliwa kidogo ili iote.

Tuje kwenye lava yenyewe, kwa sababu umeandika kitu kisichowezekana, na kukirekebisha kutakupa kilele bora kuliko ulichonacho. Bahati wako anasukuma chukudu yenye magunia manne juu ya lava. Kwa gunia la kilo 50, hizo ni kilo 200. Kwenye lami inakwenda, na mteremkoni inakimbia mpaka unaogopa. Juu ya lava iliyoganda majuzi haifiki mita kumi. Uso wake umejikunja, umepasuka, una ncha na mashimo. Magurudumu ya mbao yatakwama, na mpira uliofungwa juu yake utaanza kunuka, kwa sababu weusi ule wa juu ni ganda tu, chini yake bado moto.

Basi chukudu inabaki upande wa Kibumba. Na sisi tunajua tayari anachofanya chukudu ikikwama: gunia moja moja, mgongoni. Tulimwona sura ya pili. Anafungua kamba, anabeba la kwanza, anavuka.

Na anafika.

Hapa ndipo nataka utulie. Jumatatu ile hakuwa peke yake juu ya lava. Watu walivuka kwa miguu kwenda na kurudi kutafuta ndugu zao na nyumba zao, wengi wakafika salama, na baadhi wakafia pale kwa moshi na gesi. Kuvuka mara moja, basi, si wazimu. Ni hatari ambayo watu wenye akili timamu waliikubali siku ile. Ukiliweka tendo la kujiangamiza kwenye kuvuka kwa kwanza, msomaji wa Goma atakuambia shangazi yake naye alivuka. Akishafika upande wa pili, Bahati yuko nyumbani. Gunia moja limeokoka. Mtoto wa Furaha hayuko mbali. Hakuna moto nyuma yake wala mtu anayemzuia. Mlango haujawahi kuwa wazi hivi. Kilele chako kiko hapa, kwenye kugeuka.

Ningeandika hivi, wewe utapata maneno yako:

"Aliliegemeza gunia kwenye jiwe, akatazama soli za viatu vyake. Ya kushoto ilikuwa imelainika ukingoni kama mshumaa. Simu ikalia.
'Wanasema umevuka?'
'Moja limefika, mama.'
'Hayo mengine yaache. Njoo nyumbani, mwanangu.'
'Ndiyo, mama.'
Akairudisha simu mfukoni. Ng'ambo, kwenye moshi, magunia matatu yalikuwa yamekaa kando ya chukudu kama watu wanaosubiri gari. Kamba alikuwa ameining'iniza shingoni. Akaikaza kiunoni, akaanza kurudi."

Nilipima njia tatu za simu hiyo. Katika ya kwanza Mama Sifa anamwambia alete mzigo wote. Ni rahisi kueleweka, lakini inamfanya Bahati mtumwa wa amri, na lawama inamhamia mama. Katika ya pili simu hailii. Hii ni safi, ina heshima yake, na kama unaogopa machozi mengi ichague. Hasara yake ni kwamba msomaji hataona wazi mlango ukifunguliwa. Ya tatu ni hiyo niliyoandika: mtu yuleyule ambaye Bahati anamfanyia yote haya anamfungulia mlango, anamwambia njoo, na neno analolitumia kumwokoa ndilo linalomrudisha. Amelisikia kwa mara ya kwanza tangu siku ya daftari. Anadhani amelipata kwa gunia moja. Sasa angekosaje kulilipia mengine matatu? Hatari ya njia hii ni utamu. Ukiongeza hata sentensi moja, "moyo wake ulijaa alipolisikia lile neno", umeharibu. Simu isizidi mistari mitano.

Masimulizi yetu yanaijua hila hii tangu zamani. Fumo Liyongo, ambaye watu wazima wenye silaha walishindwa naye, alikufa kwa sababu alitaja kwa mdomo wake kitu pekee kinachoweza kumuua: sindano ya shaba kitovuni. Siri kama hiyo akimwambia mgeni, msikilizaji angecheka kama ukumbi wangu ulivyocheka. Aliyeuliza alikuwa mwanawe. Hakuna aliyeongeza maelezo, wala hayakuhitajika.

Kifo chenyewe kipitishe haraka. Umekipa kurasa nne, na anakumbuka mambo mengi mno kwa mtu asiye na pumzi. Gesi nzito hukaa mabondeni, haina rangi, na Goma ina jina lake tangu zamani: mazuku. Mahali fulani mapema, labda sura ya kwanza, tuonyeshe mbuzi aliyelala kwenye shimo karibu na njia bila jeraha lolote, watoto wakikatazwa kumfuata. Hiyo inatosha. Baadaye, Bahati akiteremka kwenye bonde dogo la lava akiwa na gunia la tatu, akiinama kupumzika, msomaji atajua kabla yake. Gunia la tatu ni bora kuliko la pili; safari mbili zilizofanikiwa zinamdanganya yeye na sisi. Usilitaje neno mazuku mahali hapo, wala mbuzi.

Ile sura ya 2002 sasa. Usiitupe. Ikate ibaki nusu ukurasa na uihamishie mwanzoni, iwe habari tu, isimuliwe na yule jirani kama kichekesho cha uchungu: baba alimweka mtoto juu ya furushi la nguo kando ya barabara, akafunga kamba ili visianguke, akasema narudi kuchukua godoro. Mtoto na furushi, kamba moja. Wasomaji wachache wataunganisha kamba hiyo na kamba ya magunia. Wengine hawataunganisha, na hadithi itasimama hata hivyo, kwa kuwa magunia, jino na daftari vinaibeba. Usije ukamfanya Bahati mwenyewe aunganishe. Nimesoma miswada mingi ambayo mhusika anajielewa vizuri kuliko mwandishi wake, na mtu anayejielewa kiasi hicho hageuki kurudi kwenye lava.

Utajuaje kama imekaa? Usimpe mtu kurasa aende nazo. Watu wakisoma peke yao wanakuwa wapole. Waite wanne au watano, angalau mmoja awe mtu wa chukudu, uwasomee kwa sauti kuanzia sura ya daftari mpaka "Ndiyo, mama". Hapo funga daftari. Uliza: atafanya nini? Wakisema wote "atakwenda nyumbani", mbegu hazijatosha, na mara nyingi inayokosekana ni ya tatu. Wakisema "atarudi, tulijua" huku wakitafuta chai, umezidisha; kuna mahali sheria yake imetajwa kwa mdomo, itafute uifute. Unachongojea ni mtu atakayesema "atarudi" kwa sauti ya chini, au atakayekukasirikia. Ukisikia "asirudi, mwambie asirudi", acha kurekebisha.

Huyo mtu wa chukudu atakusahihisha na mengine ambayo mimi niliye Bukavu siwezi: kamba hufungwaje, gunia hubebwa bega lipi, kijana mwenye deni husema nini na asichosema. Nenda pia ukasimame pale barabara ilipokatwa, uone upana wake kwa macho yako, uhesabu dakika za kutembea na kilo 50. Ukimpata aliyepoteza mtu pale, usimuulize habari za kitabu siku ya kwanza.

Jambo moja siliulizi, nalitaja tu. Umesema mwisho huubadilishi, na umelisema kwa namna ambayo nimewahi kuisikia. Kama Bahati ana mtu halisi nyuma yake, inawezekana sura zile za katikati hukuziandika kwa sababu zinauma kuliko kifo chenyewe. Kumwona mtu akichagua ni kuzito kuliko kumwona akianguka. Ukikwama kwenye sura ya daftari, wiki zikapita, ukawa hulali, iache kwanza. Zungumza na mtu ana kwa ana, ndugu, mtu wa parokia au wa msikiti, au mshauri wa afya ya akili kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kurasa zitangoja.

Kuna kitu kimoja bado sijakipata kwenye muswada wako. Kwa hesabu hii mpya, magunia mawili yamefika upande wa Goma, yameegemezwa kwenye jiwe, na daftari la Mama Sifa linasema mbili. Nani anakwenda kuyachukua, na mama anaandika nini?